Hotuba ya kumuaga karani wa masijala

Chukua hotuba yoyote ya kumuaga mstaafu, futa jina lake, andika jina la mstaafu mwingine. Mara nyingi hotuba itaendelea kufaa. Mchapakazi, mwadilifu, mnyenyekevu, mcheshi, tutamkumbuka daima. Hakuna uongo ndani yake, lakini hakuna mtu ndani yake pia.

Tatizo hili humuumiza zaidi mtu aliyekuwa na cheo cha kawaida. Mkurugenzi akistaafu, hata mwandishi mvivu atapata la kusema, kwa sababu lipo jengo lililojengwa enzi zake, ipo idara aliyoianzisha, zipo safari na mikataba. Mtu aliyekaa meza moja miaka 30 hana vitu hivyo, na mwandishi asipokuwa na la kushika hukimbilia sifa. Ukumbi unapiga makofi, mstaafu anatabasamu, naye anarudi nyumbani bila kuambiwa jambo hata moja ambalo kweli alilifanya.

Makala hii inahusu namna ya kuandika hotuba hiyo kwa mtu mmoja wa aina hiyo: karani wa masijala. Aliingia akiwa karani, anaondoka akiwa karani mwandamizi. Mtu mwenyewe, nitakayemwita Mama, nimemtunga ili niweze kuonyesha kila hatua, lakini kazi yake anaijua yeyote aliyewahi kusimama kwenye dirisha la masijala akisubiri jalada.

Kazi yenyewe kwanza, maana huwezi kueleza alama aliyoacha mtu kama huijui kazi yake. Barua ikiingia, karani anaigonga muhuri wa tarehe, anaiandika kwenye rejesta ya barua zinazoingia, anatafuta jalada lake, anaifunga ndani na kuipa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, kisha anapeleka jalada kwa afisa anayehusika. Afisa anaandika dokezo, jalada linarudi au linapita kwa mwingine. Jalada likinenepa, tuseme likifika folio 100 hivi, linafungwa na kufunguliwa juzuu ya pili. Kinachoiharibu masijala mara nyingi si barua kupotea. Ni jalada kutoka rafuni bila mtu kujua liko kwa nani. Wa pili akilihitaji, halipo. Kwa kuwa kazi haisubiri, linafunguliwa jalada la muda. Sasa barua mpya zinaingia huku na za zamani ziko kule, folio namba 12 ziko mbili, na afisa anaamua jambo akiwa ameona nusu ya maandishi. Dawa yake imeandikwa kwenye miongozo ya masijala tangu zamani: jalada likitoka, kadi inachomekwa mahali pake, imeandikwa nani amelichukua na lini.

Hapo kwenye kadi ndipo hotuba yetu itakaposimama. Lakini mwandishi hawezi kujua hivyo siku ya kwanza. Inabidi aende kuuliza.

Anza wiki tatu kabla. Wiki mbili zinatosha kwa shida, wiki moja haitoshi, kwa sababu watu unaowahitaji zaidi ni wale waliokwisha hamia kwingine. Zungumza na watu sita au saba, dakika 15 kila mmoja. Usiwaulize wanamkumbukaje. Swali hilo huzaa sifa zilezile tulizotaka kuzikimbia, na kosa si la anayejibu, ni la swali. Uliza mambo ambayo jibu lake lazima liwe kitendo. Siku asipokuwepo, nini kinakwama? Ulipoanza kazi hapa, yeye alikuonyesha kufanya nini, na bado unafanya vile? Kuna jambo lolote ambalo watu wa chumba chako hulifanya kwa namna yake? Kabla hajaja, jambo hili lilifanywaje?

Chagua wa kuwauliza kwa kufuata njia ya kazi yake badala ya ngazi ya vyeo. Cheo cha kawaida hakimpi mtu nguvu juu ya walio chini yake, maana ni wachache au hawapo. Alama yake hutembea pembeni: kwa dereva anayepeleka barua, kwa mhudumu anayebeba majalada, kwa makatibu muhtasi wa vyumba vyote, kwa karani mwenzake wa idara nyingine. Hao ndio wa kuanza nao. Halafu tafuta mtu mmoja aliyehama, umuulize kama kuna alichoondoka nacho. Mtafute pia mtu mmoja aliyewahi kukwaruzana naye. Huyu ni wa thamani sana. Anayelalamika kwamba yule mama alimkatalia jalada kwa sababu hakusaini kadi amekupa ushahidi bora kuliko kumi wanaosema ana msimamo. Hutamtaja ukumbini, wala hutasimulia ugomvi wenyewe. Unachochukua kwake ni ile kanuni ambayo mstaafu hakuiachia.

Majibu yakianza kurudiana, umepata. Katika mfano wetu, watu wanne kati ya saba wanataja kadi bila kuulizwa. Katibu muhtasi anasema hakuna kuchukua jalada bila kuandika. Dereva anasema kila Ijumaa asubuhi mama hupita vyumbani na orodha. Aliyehamia ofisi nyingine anasema alipofika huko alikuta rafu zina mapengo, akakata manila akatengeneza kadi kama zile. Kijana wa kompyuta naye anasema walipotengeneza mfumo mpya wa kufuatilia majalada, sehemu ya kuonyesha jalada liko kwa nani waliinakili kutoka kwenye kadi, safu kwa safu.

Hapa ndipo mwandishi hupatwa na jaribu la kuandika kwamba mama ndiye aliyeanzisha kadi. Asiandike. Kadi ilikuwepo kwenye mwongozo kabla hajaajiriwa, na ukumbini hakosekani mzee anayelijua hilo. Akilisikia kosa moja, hotuba yote imeharibika kwake, na atamwambia jirani yake hapohapo. Kibaya zaidi, mstaafu mwenyewe atakaa pale akijua anasifiwa kwa jambo lisilo lake. Ukweli una nguvu zaidi: kanuni ilikuwepo na hakuna aliyeifuata, yeye ndiye aliyeifanya ifuatwe. Kwa hiyo kila unapotaka kuandika "alianzisha", jiulize kama ukweli si "alidumisha" au "alifufua". Mara nyingi ndivyo. Thibitisha kwa watu wawili waliokuwepo wakati ule, na kama kuna karatasi ya zamani, itazame. Kadi ya mwaka wa kwanza yenye mwandiko wake inamaliza ubishi.

Tarehe nazo zinadanganya. Tarehe ya kuripoti kazini, tarehe ya barua ya ajira na tarehe ya kuthibitishwa kazini ni tarehe tatu tofauti, na kati ya ya kwanza na ya mwisho unaweza kupita mwaka au zaidi. Jalada binafsi lina zote, lakini si lako kulifungua. Muombe mtu wa utumishi akusomee ile moja unayoihitaji. Ikiwa ni miaka 29 na miezi 8, sema "karibu miaka 30". Neno hilo moja litamfahamisha mstaafu kwamba umehakiki, kwa sababu yeye anaikumbuka siku yake.

Mfuate pia mwenyewe, nusu saa, bila kumwonyesha ulichoandika. Muulize tahajia ya majina ya familia watakaokuwepo, nani angependa atajwe, na jambo gani lisiguswe. Ugonjwa, mivutano ya kupandishwa vyeo, kesi za nidhamu za zamani na mambo ya nyumbani huachwa hata kama kila mtu anayajua. Kama kuna kisa kimoja unachotaka kukisimulia kinachomhusu yeye na bosi, kiombee ruhusa kwake, na kwa bosi pia kama atakuwepo.

Sasa hesabu. Waandishi hupenda kuzidisha. Siku 230 za kazi kwa mwaka, mara miaka 30, ni siku 6,900. Barua 25 kwa siku, ni barua 172,500. Ukizipanga karatasi hizo moja juu ya nyingine, kwa unene wa kawaida wa karatasi wa sehemu moja ya kumi ya milimita, unapata rundo la mita 17. Inapendeza, na mimi ningeiacha nje. Rundo linaeleza wingi wa kazi tu, na karani mbovu aliyekaa muda huohuo angekuwa na rundo lilelile. Hesabu inayofaa ni ile inayohesabu kitu ambacho mtu mwingine asingekifanya. Mzunguko wa Ijumaa aliuanza mwaka wake wa nne. Miaka 26 iliyobaki, mara Ijumaa 46 ukiondoa likizo na sikukuu, ni karibu Ijumaa 1,200. Hakuna aliyemwagiza. Namba hiyo ndogo ndiyo ya kusema ukumbini, nayo iwe peke yake, kwa sababu msikilizaji hana karatasi mkononi na namba ya pili hufuta ya kwanza.

Kabla ya kuandika, kuna maneno ya kuyaweka kando. "Ushawishi" ni moja. Ndilo neno la jambo lenyewe, lakini likitamkwa ukumbini linaleta picha ya mtu anayetafuta kura. Usilitaje, onyesha watu wanaofanya kama yeye, wasikilizaji watalielewa. "Shujaa asiyeimbwa" na "nguzo ya ofisi" nayo yaende. Na usiiite kazi yake kazi ndogo, hata kwa nia njema ya kuonyesha kwamba alifanya makubwa. Mbele ya watoto na wakwe zake, neno "ndogo" litabaki masikioni na maelezo yatasahaulika. Sema aliingia akiwa karani na anaondoka akiwa karani mwandamizi, kisha endelea na kazi. Usiongeze "ingawa hakupanda sana", maana huruma ya hadharani ni aibu kwa anayehurumiwa.

Lakini kosa ninalolisikia likirudiwa zaidi ni la nyakati za vitenzi. "Alikuwa mpole. Alipenda kazi yake. Alitufundisha mengi." Hayo ni maneno ya msibani, na yamezoeleka huko kiasi kwamba ukumbi hupoa bila mtu kujua kwa nini, huku mwenye shughuli amekaa mbele akiwa mzima wa afya. Kiswahili kimetupa njia rahisi ya kutoka. Tabia zake ziseme kwa wakati uliopo: ni mpole, anajua kila rafu ilipo. Mazoea yake yaseme kwa hu-: kila Ijumaa hupita, hunyoosha kadi. Yaliyojengeka kwa miaka yaseme kwa -me-: amefundisha, amekataa, ametunza. Wakati wa -li- uutumie kwa mambo yenye siku yake tu: aliingia kazini, alilishusha boksi, alianza mzunguko. Pitia rasimu yako yote ukitafuta -li- peke yake. Kila utakapoiona mbele ya sifa, ibadilishe.

Urefu uwe dakika sita. Mtu anayesoma mbele ya watu kwa utulivu hutamka maneno kama 100 kwa dakika, akiacha nafasi ya makofi na vicheko. Kwa hiyo maneno 500 yanatosha, na salamu zimo ndani yake. Salamu ndizo hula muda kuliko yote. Taja watu watatu au makundi matatu, kisha sema itifaki imezingatiwa. Mshereheshaji ameshawataja wengine.

Hii hapa hotuba yenyewe, kama ningemwandikia mfanyakazi mwenzake aisome.

"Mkurugenzi wetu, ndugu zetu wa familia ya Mama, wafanyakazi wenzangu, itifaki imezingatiwa.

Nilichoshika ni kadi ya manila. Mlio nyuma pengine hamwoni, kwa hiyo nitawaeleza. Ina safu nne zilizochorwa kwa rula: jina, chumba, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Karibu kila mmoja wetu amewahi kuijaza akiwa na haraka.

Mama aliingia masijala akiwa karani, karibu miaka 30 iliyopita. Siku hizo jalada likitoka rafuni, mahali pake palibaki pengo. Ukilihitaji, unaulizia chumba kwa chumba. Usipolipata, linafunguliwa jalada la muda, na mambo ya mtu mmoja yanakaa nyumba mbili zisizojuana. Wapo humu waliosubiri barua ya kuthibitishwa kazini kwa miezi mingi kwa sababu hiyo, na wamenieleza wenyewe.

Kadi ilikuwa imeandikwa kwenye mwongozo. Kadi zenyewe zilikuwa kwenye boksi juu ya kabati, kamba yake haijafunguliwa. Mama alilishusha lile boksi. Mwezi wa kwanza, kadi nyingi zilirudi tupu. Hakuandika barua ya malalamiko. Mwaka wake wa nne alianza kupita vyumbani kila Ijumaa asubuhi, na orodha mkononi, akiuliza jambo moja: hili bado unalihitaji, au nilirudishe? Tangu hapo ni karibu Ijumaa 1,200.

Nina ruhusa ya watu wawili kusimulia hili. Siku moja mkurugenzi wa wakati huo alishuka masijala mwenyewe, ana kikao baada ya dakika tano. Mama alimpa jalada kwa mkono wa kulia, na kadi ikafuata kwa mkono wa kushoto, kalamu ikiwa juu yake. Hakusema neno. Mkurugenzi alisimama, akasaini, akaenda. Kesho yake hakuna afisa aliyesema yeye ana haraka.

Naomba waliofundishwa kazi ya masijala na Mama wasimame. Asanteni, bakini mmesimama. Sasa naomba wasimame waliofundishwa na hao waliosimama.

Mama, geuka kidogo utazame nyuma yako.

Kuna mwingine ambaye hayupo humu. Yuko ofisi nyingine, na juzi ameniambia kwamba wiki ya kwanza alipofika huko alikata manila, akachora safu nne. Na tunapofungua kompyuta zetu kutafuta jalada, pale panapoonyesha liko kwa nani, chumba gani, tangu lini na limerudi lini, ni kadi hiihii.

Mama anaingia kwenye mapumziko akiwa karani mwandamizi. Rafu anaziacha hazina pengo. Nimezipitia jana jioni. Jalada lililoko nje lina kadi mahali pake, na kadi ina jina.

Mama, hii ninayokupa ni ya mwaka ule wa kwanza. Ina mwandiko wako juu, na chini yake kuna jina la mtu aliyechukua jalada na hajaandika lini alirudisha. Tumemtafuta, yuko hapa, amekuja kuijaza."

Hapo mtu huyo anainuka, anaandika tarehe kwenye safu ya nne, na kadi inakabidhiwa. Hotuba imekwisha; hakuna "kwa hayo machache".

Angalia jinsi kisa cha mkurugenzi kilivyopangwa, kwa sababu ndicho kinachoweza kuharibika kwa urahisi. Ndani yake mkurugenzi hakukosea: alisimama, akasaini. Kingesimuliwa kana kwamba alitaka kuvunja utaratibu, watu wangecheka, lakini Mama angekuwa amegeuzwa mtu wa kumwaibisha mkubwa, jambo ambalo hakulifanya wala hakulitaka. Nguvu ya kisa iko kwenye sentensi ya mwisho, kwamba kesho yake maafisa wengine hawakuwa na kisingizio. Ndivyo mtu asiye na amri juu ya mtu yeyote anavyopata kusikilizwa. Dirishani kwake wanapita wote, yeye hufanya jambo lilelile kwa kila anayepita, na yule wa juu kabisa akishalikubali mara moja, hakuna wa chini anayebaki na hoja. Angemwachia mkurugenzi siku ile, Ijumaa zote zilizotangulia zingekuwa bure.

Kusimamisha watu ni jambo la kupanga, halijaribiwi kwa bahati. Hesabu mapema nani watakuwepo. Kama waliofundishwa naye ukumbini ni watatu tu, wataje kwa majina badala ya kuwasimamisha, maana watatu waliotawanyika kwenye ukumbi wa watu 150 huonekana kama upungufu. Kama ni wanane au zaidi, waambie siku moja kabla kwamba wataombwa kusimama, bila kuwaeleza kwa nini, na waombe wakae upande mmoja. Zoezi lote lisizidi nusu dakika. Kundi la pili, la waliofundishwa na waliofundishwa, ndilo linalobeba hotuba nzima; hao wengine hata hawajui kwamba namna wanavyoandika namba ya folio kwenye kona ya juu ya karatasi ilitoka kwake.

Lile swali la "siku asipokuwepo, nini kinakwama" lina mtego wake. Jibu likiwa kwamba kila kitu kinakwama, hiyo si sifa. Ina maana kazi imebaki kichwani mwake na haikupita kwa mtu. Ukipata jibu la namna hiyo kutoka kwa wengi, tafuta upande mwingine wa kuandikia, au sema ukweli kwamba ujuzi wake ni wake mwenyewe, bila kudai kwamba ameacha shule. Kwa Mama huyu jibu lilikuwa kwamba akienda likizo, mzunguko wa Ijumaa hufanywa na kijana wa mwaka wa pili, na majalada hurudi kama kawaida. Jibu la namna hiyo halisisimui mtu anapoliandika kwenye daftari, nalo ndilo lililoniongoza kwenye hotuba hii kuliko mengine yote.

Mambo ya mwisho ni ya mikono. Chapisha hotuba upande mmoja wa karatasi, herufi za ukubwa wa 16, nafasi pana kati ya mistari, na kurasa ziwe na namba, kwa sababu hazifungwi na zikianguka unataka kuzipanga kwa sekunde tatu. Kata ukurasa mwishoni mwa aya ili usigeuze karatasi katikati ya sentensi, hasa kwenye kisa cha mkurugenzi. Soma kwa sauti mara mbili ukiwa na saa. Ukipita dakika saba, kata aya moja nzima badala ya kupunguza neno hapa na neno pale. Katika hii ningeanza na ile ya ofisi nyingine na kompyuta, ingawa ingeniuma.

Ukimaliza, mpe Mama nakala safi, isiyo na alama zako za kalamu. Nakala ya pili ipeleke utumishi iingie kwenye jalada lake binafsi, maana karatasi nyingi zilizomo humo ni za likizo, uhamisho na mishahara. Igongwe muhuri wa tarehe, iandikwe namba ya folio kwenye kona ya juu. Na kabla ya kulitoa jalada hilo rafuni, chomeka kadi.